Vocha za saluni: pesa ya Desemba, kazi ya Januari

Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba, saluni ya kike yenye viti 4 pale Sinza au Mbagala inaweza kuuza vocha 60 za shilingi 50,000 bila jasho jingi. Anayenunua ni mume asiyejua mkewe anapenda mtindo gani, ni binti anayeishi Mwanza na anataka mama yake wa Dar apendeze, ni ofisi yenye wafanyakazi kumi wa kike ambayo mwaka huu imechoka kugawa vitenge. Miamala inaingia mmoja mmoja, na ukifika mkesha wa Krismasi kuna shilingi 3,000,000 kwenye simu ya biashara na vichwa vingi vilivyolipiwa humo bado havijasukwa.

Mwenye saluni akiihesabu hela hiyo kuwa ni mauzo, Januari itamuumiza. Wasusi wengi wanalipwa kwa kamisheni, na wanalipwa siku hiyohiyo. Tarehe 10 Januari anaingia dada na vocha yake, anasukwa saa tano, anainuka kitini bila kutoa hata mia, na msusi anasimama kaunta anadai chake. Rasta alizosukia zimetoka stoo, lazima zirudishiwe. Wateja wa kulipa taslimu nao wamepungua, maana ndiyo ile Njaanuari ya ada za shule. Hela iliyotakiwa kulipia yote haya imeshakwenda kununua kiti kipya au kumalizia bati za nyumba Chanika.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha kadi moja, kaa chini upige hesabu ya vocha moja inagharimu nini siku itakaporudi.

Kutenga hela

Tuseme kamisheni ya msusi ni asilimia 40 na vifaa, yaani rasta, mafuta, jeli na maji, vinakula asilimia 20. Kwenye vocha ya 50,000, msusi atachukua 20,000 na vifaa vitachukua 10,000. Zinabaki 20,000 za kodi ya fremu, umeme na faida. Maana yake kila vocha inayouzwa, 30,000 si zako. Kwa vocha 60 ni shilingi 1,800,000, na hizo zikae mahali ambapo mkono hauzifikii kwa urahisi: akaunti nyingine ya benki, au laini nyingine ya simu isiyotumika kwa kitu kingine chochote. Ili makato ya kuhamisha yasiwe mengi, hamisha mara moja kwa wiki kwa mkupuo badala ya kuhamisha kila vocha inapouzwa.

Asilimia zako si lazima zifanane na hizi. Saluni inayobandika kucha ina gharama ndogo za vifaa kuliko inayosuka, na mahali ambapo mteja anakuja na rasta zake mwenyewe gharama ya vifaa karibu haipo. Zitafute kwenye daftari lako la miezi mitatu iliyopita, usizikadirie kwa kichwa. Kosa la kawaida ni kusahau kamisheni ya aliyeosha nywele. Msusi anapewa 40, aliyeosha naye anadai elfu mbili tatu zake, na mfuko wa akiba unavuja taratibu bila mtu kuelewa kwa nini.

Punguzo nalo linataka macho. Ofisi inayonunua vocha 10 kwa mpigo itaomba bei ipungue, na mwenye saluni anasema sawa, lipeni 45,000 kwa vocha ya 50,000. Asilimia 10 tu, inaonekana ndogo. Lakini mpokeaji atakuja na haki ya huduma ya 50,000, msusi atataka asilimia 40 ya kazi aliyoifanya, yaani 20,000 ileile, na vifaa ni 10,000 vilevile. Kilichokuwa 20,000 kwako kimekuwa 15,000. Punguzo la asilimia 10 limekula robo ya sehemu yako. Kama unataka kuipa ofisi kitu, wape kuosha na kustimu bure kwa kila mpokeaji siku ya kazi, au vocha ya 11 kwa kila 10, ambayo angalau inarudi kwako ikiwa kazi na si hela iliyopungua. Ukiamua kupunguza bei hata hivyo, waambie wasusi mapema kamisheni itahesabiwa kwenye kiasi gani. Wakilijua jambo hilo siku ya kulipwa, ugomvi wake utausikia mpaka Pasaka.

Shilingi au huduma?

Kuna namna mbili za kuandika vocha. Ya kwanza inasema "shilingi 50,000". Ya pili inasema "kusuka rasta, urefu wa mgongoni". Ya pili inavutia zaidi kama zawadi kwa kuwa haitaji bei, na mwenye kununua anaipenda kwa sababu hiyo. Tatizo lake ni kwamba bei ya rasta hupanda msimu wa sikukuu, na huduma uliyoiuza Desemba mwanzoni kwa bei ya kawaida utaitoa kwa rasta ulizonunua kwa bei ya juu. Halafu kuna mabishano yasiyoisha ya mgongoni ni wapi, na rasta ziwe ndogo kiasi gani. Kwa saluni ndogo mimi nashauri shilingi tu.

Vocha ya shilingi ina aibu yake, nayo ni nyongeza. Mtindo anaoutaka dada ni 65,000, vocha ni 50,000, na alikuja mikono mitupu akijua amezawadiwa. Hili linatibiwa kwenye kaunta siku ya kuuza. Muulize mnunuzi anategemea mpokeaji afanyiwe nini, mtajie bei ya msimu, umuuzie ya 70,000 kama ndiyo inayotosha. Mume anayenunua hajui bei za kusuka. Ukimwachia achague mwenyewe atachukua ya 30,000 na kuamini amefanya makubwa.

Namba, na mstari wake daftarini

Jambo moja likieleweka, mengine yanafuata: vocha si karatasi wala picha iliyotumwa WhatsApp. Vocha ni mstari kwenye daftari lako. Picha inaweza kutumwa kwa watu watano, na kadi inaweza kudurufiwa stationari yoyote. Ukimhudumia mtu kwa sababu ameonyesha picha nzuri, utaihudumia picha hiyohiyo mara mbili.

Kila vocha iwe na namba yake isiyojirudia, na isiwe 1, 2, 3 peke yake, kwa kuwa aliyepata 014 anaweza kubahatisha kuwa 015 nayo ipo. Weka sehemu tatu: herufi za msimu, namba ya mfululizo, na herufi tatu za kuchanganya, mfano `KR-0147-7RM`. Kwenye zile tatu za mwisho usitumie herufi O wala tarakimu 0, wala herufi I na tarakimu 1, maana namba hizi zitasomwa kwa simu na kuandikwa kwa mkono, na hapo ndipo zinapogeuka. Ile namba ya mfululizo inakusaidia wewe: ukipokea kadi 100 kutoka kwa mchapaji, ukauza 60, lazima 40 ziwepo kabatini. Kadi iliyopungua ina jina la mtu nyuma yake.

Kama unatumia Excel au Google Sheets, fungua kurasa mbili. Ya kwanza iite Vocha, mstari mmoja kwa kila vocha: A namba, B tarehe ya kuuza, C thamani, D kiasi kilicholipwa, E namba ya muamala, F simu ya mnunuzi, G simu ya mpokeaji, H mwisho wa kutumika, I salio, J hali. Ya pili iite Matumizi, mstari mmoja kila vocha inapotumika: A tarehe, B namba ya vocha, C kiasi, D huduma, E aliyehudumia. Usiandike salio kwa mkono. Kwenye I2 ya ukurasa wa Vocha weka hii, kisha uishushe chini:

```
=C2-SUMIFS(Matumizi!C:C,Matumizi!B:B,A2)
```

Thamani na kiasi kilicholipwa vinatengwa kwa sababu ya zile zilizouzwa kwa punguzo. Haki ya mpokeaji inasomwa kwenye C, hela uliyopata inasomwa kwenye D. Ukizichanganya, utamnyima mtu 5,000 yake au utajihesabia mapato ambayo hukuyapata.

Fomula hii ina udhaifu mmoja. Mtu wa kaunta akikosea herufi moja anapoandika namba kwenye Matumizi, au akiacha nafasi tupu mwishoni, haitaona kitu. Salio la vocha litabaki kamili kana kwamba haijatumika, na mwenye nia mbaya anaweza kurudi nayo. Ili uligundue kosa hilo, weka hii kwenye ukurasa wa tatu:

```
=SUM(Matumizi!C:C)-(SUM(Vocha!C:C)-SUM(Vocha!I:I))
```

Jibu lazima liwe 0. Likiwa 50,000, kuna matumizi ya 50,000 yaliyoandikwa kwa namba isiyokuwepo. Yatafute kwenye Matumizi kabla ya kufunga siku. Dawa bora zaidi ni kuifanya safu B ya Matumizi iwe ya kuchagua kutoka kwenye orodha badala ya kuandika.

Anayetumia daftari la kawaida naye anaweza. Ukurasa mmoja kwa vocha tano, kila vocha ikiachiwa mistari minne mitupu chini yake ya kuandikia matumizi. Tatizo la daftari si uandishi, ni kwamba lipo moja, na mtu wa kaunta akichukua likizo nalo linafungiwa kabatini. Lipige picha kila jioni.

Siku ya kuuza

Vocha haiwi hai kwa kuandikwa. Inakuwa hai hela ikionekana. Mnunuzi akisema ameshalipa kwa lipa namba na akakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, angalia kwenye simu ya biashara, si kwenye yake. Ujumbe wa kughushi ni kazi ya dakika mbili. Muamala ukionekana kwako, andika namba yake safu E, kisha kwenye safu J andika "hai". Mpaka hapo, hali ni "inasubiri", na vocha inayosubiri haihudumiwi hata mpokeaji alie.

Sheria hii inafanya kazi zaidi kwa ofisi. Meneja utumishi anataka vocha 10 leo ili azigawe kwenye sherehe ya Ijumaa, na malipo yatatoka uhasibu baada ya wiki mbili. Ni mteja mzuri, hutaki kumkosa. Mpe kadi zake, lakini ziwe "inasubiri", na kwenye kadi iandikwe zinaanza kutumika tarehe fulani. Mwambie waziwazi kwamba tarehe hiyo inategemea malipo. Ukizipa uhai kabla, mfanyakazi wa kwanza atafika Jumamosi asubuhi, na utakuwa umesuka kwa mkopo ambao hujui utalipwa lini.

Chukua simu ya mpokeaji pamoja na ya mnunuzi. Mnunuzi akitaka iwe siri, mwambie hutatuma chochote mpaka siku atakayoitaja. Namba ya mpokeaji ndiyo itakayokulinda na mambo mawili utakayoyaona hapo chini.

Masharti yawe machache na yote yasomeke nyuma ya kadi: mwisho wa kutumika, kwamba salio halirudishwi taslimu bali linabaki hai, kwamba siku tatu kabla ya sikukuu ni kwa miadi tu, na namba ya kupiga. Kurudisha hela kuwe kwa mnunuzi peke yake, kwenye namba ileile iliyolipa, na kabla vocha haijaguswa. Ukianza kumpa mpokeaji taslimu, vocha yako imekuwa njia ya kutolea hela, na kuna siku itapita humo hela ambayo mwenyewe anaitafuta.

Siku ya kutumia

Kagua kabla mteja hajakaa kitini. Kukagua baada ya saa tano za kusuka ni kuchelewa. Ukikuta salio ni 0, utafanya nini na nywele zilizokwisha kusukwa? Mtu wa kaunta atafute namba, aangalie hali, mwisho na salio, kisha aulize tarakimu nne za mwisho za simu ya mpokeaji. Asiyezijua hajaibiwa haki yake, ni kwamba apige kwanza simu kwa aliyempa.

Huduma ikiisha, andika matumizi palepale na tuma ujumbe kwa simu ya mpokeaji: "Vocha KR-0147-7RM imetumika leo 45,000. Salio 5,000." Ujumbe huu unaonekana ni adabu tu, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Wizi mwepesi kuliko wote kwenye saluni yenye vocha ni huu: mteja wa taslimu analipa 50,000, mtu wa kaunta anaitia mfukoni, na kwenye kitabu anaandika kwamba kichwa kile kililipwa kwa vocha ambayo bado haijatumika. Jioni hesabu zinakaa sawa kabisa. Hela haipo, lakini vocha "imetumika", na wewe hutajua mpaka mwenye vocha halisi aje Februari. Ujumbe ukienda kwa mpokeaji ambaye yuko nyumbani anachambua mboga, atapiga simu ndani ya dakika tano. Na anayetuma ujumbe asiwe yule anayepokea hela. Kama mko wawili tu, basi utume wewe mwenyewe jioni kutoka kwenye orodha ya Matumizi.

Kamisheni ya msusi ilipwe siku hiyohiyo kutoka kwenye ile akiba, kama mteja wa taslimu. Hapa wenye saluni wengi huteleza. Wanamwambia msusi, za vocha tutahesabu mwisho wa wiki. Msusi naye si mjinga. Akiona wateja wawili mlangoni, mmoja na hela na mmoja na kadi, atamkalisha wa hela na yule wa kadi ataambiwa arudi kesho, rasta za rangi yake zimeisha. Mpokeaji anarudi nyumbani na kumwambia aliyemzawadia, na wewe utasikia kwamba vocha zako "hazifanyi kazi" bila kujua chanzo ni malipo ya Jumamosi. Ukiona vocha zinasogezwa tarehe mara mbili mbili na mteja si aliyeomba, tazama unavyolipa kamisheni kwanza.

Msongamano wa mkesha

Kadi zimetolewa zawadi ya sikukuu, basi wapokeaji wanataka kupendeza sikukuu. Kusuka rasta ndogondogo kunachukua saa tano mpaka sita, kwa hiyo kiti kimoja kinatoa vichwa viwili kwa siku. Viti 4 ni vichwa 8, siku tatu za mwisho ni vichwa 24. Umeuza vocha 60. Hata theluthi yao tu wakija siku hizo, ni 20 kati ya 24, na wateja wako wa mwaka mzima wanaolipa taslimu watakuta saluni imejaa watu ambao hela yao ilishaingia.

Tenga nafasi mapema. Kwa mfano huu, nafasi 8 kati ya 24 ziwe za vocha, kwa miadi, na anayepiga kwanza ndiye anayepata. Zikijaa, mwambie mpokeaji kuna nafasi kuanzia tarehe 27, na kama unaweza muongezee kuosha na kustimu kwa kukubali kusubiri. Muda mzuri wa kuuza vocha ni ule unaomwachia mpokeaji wiki mbili za kuzitumia kabla ya sikukuu, ndiyo maana ukianza Desemba 1 unapumua na ukianza Desemba 18 unajitafutia kesi.

Kwa Idd kuna la ziada: siku haijulikani mpaka mwezi uonekane, Ramadhani ikiwa siku 29 au 30. Usiandike tarehe kwenye kadi. Andika "siku tatu kabla ya Idd", na kwenye ratiba yako zuia siku nne, ili mwezi ukiandama mapema usikute watu wa hina na piko wamepangiwa siku ambayo tayari ni sikukuu. Mchana wa Ramadhani saluni nyingi huwa zimepoa. Hizo ndizo siku za kuwaita wenye vocha, si kumi la mwisho.

Risiti na vitabu

Mnunuzi akilipa atataka risiti, na ofisi itaitaka zaidi kwa ajili ya vitabu vyao. Hatari kwa anayetumia mashine ya EFD ni kutoa risiti mbili kwa hela moja, ya kwanza vocha inapouzwa na ya pili inapotumika. Hela iliyoingia ni 50,000, mashine inasoma 100,000. Chagua hatua moja ya kutoa risiti kwa vocha zote na msiivuruge katikati ya msimu. Ukitoa wakati wa kuuza, basi siku ya matumizi mashine iguswe kwa nyongeza tu: huduma 65,000, vocha 50,000, risiti ya 15,000. Aliyesajiliwa VAT akubaliane na mshauri wake wa kodi kuhusu hatua hiyo kabla kadi hazijaenda kuchapwa, siyo Januari 20 anapojaza ritani.

Kwenye vitabu, siku ya kuuza hela inaongezeka na "deni la vocha" linaongezeka kwa kiasi hichohicho. Mauzo hayaguswi. Vocha ikitumika, deni linapungua na mauzo yanaongezeka. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha hesabu IFRS 15 kinavyotaka, na hata kama hujawahi kuandaa hesabu rasmi, utaratibu huu ndio pekee utakaokuonyesha Januari ilikuwaje kweli. Bila huo, Desemba inaonekana mwezi wa ajabu na Januari inaonekana wasusi wanakuibia.

Tuifunge hesabu ya saluni yetu tarehe 31 Januari. Tuseme vocha zote 60 ziliuzwa bila punguzo. Zilizotumika zote ni 38, yaani 1,900,000. Zilizotumika nusunusu ni 9, na zimebakiwa na salio la jumla ya 140,000, kwa hiyo zimetumika 310,000. Ambazo hazijaguswa ni 13, yaani 650,000. Mauzo ya vocha mpaka sasa ni 2,210,000 na deni ni 790,000. Jumlisha, inarudi 3,000,000.

Sasa nenda kwenye akiba. Ulianza na 1,800,000, na asilimia 60 ya 2,210,000 ni 1,326,000 zilizotakiwa kutoka. Lazima zibaki 474,000, ambazo ni asilimia 60 ya deni la 790,000. Ukikuta 380,000, zimepungua 94,000, na sababu huwa chache. Labda kuna aliyekopa. Labda kamisheni ya nyongeza za wateja ililipwa kutoka humo badala ya kwenye hela ya siku. Dada aliyeongeza 15,000 taslimu, kamisheni ya hiyo 15,000 haihusu akiba. Au rasta zilipanda bei na asilimia 20 haitoshi tena. Linganisha malipo ya wasusi na ukurasa wa Matumizi, siku kwa siku, utakuta ni ipi.

Zisizorudi

Kuna vocha ambazo hazitaonekana. Usizihesabu faida Desemba 31 kwa kuwa mwaka umeisha. Zinabaki deni mpaka muda wake upite. Hapo ndipo unazitoa kwenye deni na kuziingiza kwenye mapato, na zile shilingi 30,000 kwa kila kadi zinakuwa huru kutoka kwenye akiba. Biashara kubwa zenye kumbukumbu za miaka mingi huruhusiwa kukadiria sehemu isiyorudi na kuihesabu kidogokidogo kadiri nyingine zinavyotumika. Msimu wako wa kwanza au wa pili huna kumbukumbu za kukadiria, kwa hiyo subiri.

Muda wa miezi 6 unatosha kwa saluni, ukihesabiwa tangu tarehe ya kuuza. Mwezi mmoja ni mtego, na wateja wanauona hivyo. Tuma ujumbe wa kukumbusha mwezi mmoja kabla ya mwisho, yaani Mei kwa vocha za Krismasi. Wengine huona hilo ni kujiumiza, maana unawaita watu waje kuchukua hela. Lakini mpokeaji anayekuja na vocha ya 50,000 mara nyingi anaongeza juu, na anakuja mwezi ambao viti vimelala. Kadi ikipotea, usifute mstari: andika "imefutwa, badala yake KR-0162-4XP" kwenye hali ya ile ya zamani, fungua mpya yenye salio lilelile, na kwenye Matumizi andika kiasi hicho kwa namba ya zamani kama kilichohamishwa ili salio lake liwe 0. Kuhamisha huko kusihesabiwe mauzo wala kulipiwa kamisheni, na hela iliyolipwa iendelee kusomeka kwenye mstari wa kwanza tu, safu D ya kadi mpya ikiwa tupu.

Kwa anayekuja wiki mbili baada ya muda kwisha, angalia kama ile 30,000 bado ipo. Kama ipo, mkalishe kitini, andika matumizi kama kawaida, na siku hiyo hiyo rekebisha hesabu iliyokwisha kuingia kwenye mapato ili mauzo yasihesabiwe mara mbili.